“Inakataa Tu”: Jinsi ya Kumwandikia Fundi wa Kompyuta Akakuelewa

Shule zinapofunguliwa Januari, simu ya fundi wa kompyuta huanza kuingia ujumbe wa namna hii: “Fundi habari za asubuhi. Kompyuta ya ofisini haina mtandao. Naomba msaada, ni haraka sana.” Fundi anajibu: “Salama mwalimu. Inasemaje?” Baada ya nusu saa linakuja jibu: “Inakataa tu.”

Mwalimu amesema kweli. Kompyuta imekataa, kazi imesimama, na majina ya watahiniwa yanatakiwa kuwa kwenye mfumo kabla ya Ijumaa. Lakini fundi yuko mjini, mwendo wa saa mbili kwa basi, na mpaka hapo hajapata hata kitu kimoja cha kuanzia. “Haina mtandao” husemwa bando likiisha. Husemwa waya wa ruta ukichomoka, waifai ya kompyuta ikizimwa kwa bahati mbaya, jina la tovuti likishindwa kupatikana, na pia kivinjari kikikataa kwa makusudi kufungua ukurasa. Matatizo hayo hayana undugu, na dawa ya hili haigusi lile. Basi fundi atauliza swali, atasubiri mwalimu atoke darasani, atajibiwa nusu, atauliza tena. Jioni atachoka na kuamua kuja mwenyewe, na huenda akafika akakuta kwamba kifaa kinachotakiwa amekiacha dukani.

Tukifuate kisa hiki hadi mwisho, maana mafundi wengi hukutana nacho na kinaonyesha vizuri kinachokosekana katika ujumbe kama huo. Ni kompyuta ya mezani yenye Windows 10, iko ofisi ya taaluma, inapata intaneti kwa waifai ya ruta ya shule. Mwalimu anayeitumia ni mjuzi wa kazi yake, ila kompyuta hakuisomea, na wala hahitaji kuisomea ili aandike ujumbe unaofaa. Anachohitaji ni kutofautisha alichokiona na alichokihitimisha. “Haina mtandao” ni hukumu. Fundi anahitaji ushahidi, na ushahidi wote upo pale mezani kwa mwalimu.

Mwaka 1999 Simon Tatham, Mwingereza aliyetunga programu ya PuTTY, aliandika makala kuhusu namna ya kuripoti hitilafu za programu, na tangu hapo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Hoja yake ni kwamba ripoti inakusudiwa kumwezesha mtengenezaji aione hitilafu ikitokea mbele ya macho yake. Hilo lisipowezekana, aelezwe kwa undani kile kilichoonekana, na makisio ya mwandishi yakae mbali na mambo yaliyoonekana. Tatham alikuwa akiwafikiria watunzi wa programu, lakini fundi wa mjini naye yuko katika hali ile ile: lazima aone kwa macho ya mtu mwingine.

Tuanze na maandishi ya kosa. Mwalimu anapofungua Chrome na kuandika anwani ya mfumo wa usajili, hapati ukurasa mtupu. Anapata ukurasa wenye alama ya onyo, kichwa cha maneno, maelezo mafupi, kitufe, na msimbo kwa herufi kubwa. Yeye ameusoma haraka, ameona ni Kiingereza kinachotisha, amefunga, akaandika kwamba inakataa. Akisukumwa kidogo atasema, “Inaandika kuna hatari.” Hapo ametafsiri, na tafsiri hiyo imemeza kitu chenye thamani kuliko vyote katika kisa hiki. Maandishi yenyewe yalikuwa haya:

```
Your clock is behind
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Msimbo wa namna hii ndio unaotenga tatizo moja na jingine. Kama waifai ingekuwa imezimwa, Chrome ingeandika `ERR_INTERNET_DISCONNECTED`. Kama kompyuta ingekuwa imeshindwa kupata jina la tovuti, tungeona `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN` au `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`. Kama tovuti ingekuwa imeitwa na haikuitika, ingekuwa `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`. Kwa mtumiaji kurasa hizi zinafanana, zote ni “inakataa”, lakini kwa fundi kila moja inampeleka upande wake. Ndiyo maana maandishi ya kosa hayatafsiriwi, hayafupishwi, na hayaandikwi kwa kukumbuka. Yanapelekwa herufi kwa herufi, pamoja na alama zile zinazoonekana hazina maana. Hata tofauti ya `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` na `ERR_CONNECTION_REFUSED` inatosha kubadilisha safari ya fundi: katika ya kwanza hakuna aliyejibu, katika ya pili mtu amefika mlangoni akafukuzwa.

Njia rahisi ya kuyapeleka ni picha. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Shift na S, kisha chora mstatili kuzunguka sehemu unayoitaka. Picha iko tayari kubandikwa kwenye ujumbe. Lakini katika kisa chetu kompyuta haifungui tovuti, kwa hiyo mwalimu atapiga picha kwa simu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasimama mbali, mwanga wa dirisha unang’aa kwenye kioo, au wanapiga kile kichwa kikubwa cha maneno na kuuacha msimbo uliopo chini yake. Sogea, piga skrini nzima mara moja, halafu piga tena sehemu ya maandishi kwa karibu, na hakikisha pembe ya chini kulia yenye saa na tarehe imo ndani ya picha. Kisha andika msimbo kwa maneno pia ndani ya ujumbe, kwa sababu fundi anaweza kuunakili na kuutafuta, wakati picha atalazimika kuisoma na kuichapa upya.

Kosa likitokea kwenye kile kisanduku kidogo chenye kitufe cha OK, jaribu kubonyeza Ctrl na C kabla hujakifunga. Visanduku vingi vya kawaida vya Windows hukubali kunakiliwa hivyo, na ukibandika mahali pengine utapata maandishi yote, hadi jina la kitufe. Watu wengi wanaoishi na kompyuta kila siku hawalijui hili.

Tukirudi kwa mwalimu, msimbo alioupata unasema jambo kuhusu tarehe na cheti. Kila tovuti inayoanza na `https` ina cheti cha kidijitali kinachoithibitisha, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa cheti kipya kinachodumu zaidi ya siku 398. Kivinjari kinapofungua tovuti hulinganisha tarehe za cheti na saa ya kompyuta yenyewe. Saa ya kompyuta ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vyote vitaonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika, na kivinjari kitakataa tovuti moja baada ya nyingine.

Ila msimbo peke yake haumalizi kazi, na hapa ndipo dalili nyingine zinapoanza kuwa na uzito. `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID` hutokea pia pale ambapo kompyuta iko sawa na tovuti ndiyo yenye kosa: wenye tovuti wamesahau kuhuisha cheti, kimeisha muda. Tukiwa na msimbo tu, fundi hawezi kuapa kama tatizo liko ofisini kwa mwalimu au kwenye seva iliyoko mbali. Anayeweza kulijua ni mwalimu, tena kwa dakika mbili. Afungue tovuti nyingine tatu zisizohusiana. Zikikataa zote, tatizo liko kwake. Ikikataa moja, ashuku tovuti hiyo. Kisha afungue tovuti ile ile kwa simu iliyounganishwa na waifai ile ile ya shule. Simu ikifungua, ruta haina kosa, bando lipo na tovuti ni nzima.

Watu wakieleza tatizo hueleza kilichokufa tu. Mimi naona kwamba orodha ya vinavyofanya kazi ndiyo inayomfupishia fundi njia, kwa sababu kila kitu kizima kinafunga mlango mmoja wa mashaka. Simu kufungua tovuti kunaiondoa ruta. Kompyuta ya mhasibu kufanya kazi kunamwondoa mtoa huduma wa intaneti. Na kama mwalimu haogopi kuandika amri, kuna jaribio moja dogo linaloondoa mengi kwa pamoja. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza Enter, kisha andika:

```
ping 8.8.8.8
```

Hii inaituma kompyuta iiite seva ya Google kwa namba yake, bila kupitia kivinjari na bila cheti chochote. Ikijibu `Reply from 8.8.8.8`, waya na waifai ni vizima na pakiti zinakwenda na kurudi. Ikiandika `Request timed out`, jambo ni jingine kabisa. Saa ya kompyuta hata ikiwa mbovu kiasi gani haiathiri jaribio hili, na ndiyo maana linafaa hapa: kompyuta ambayo “haina mtandao” inaposema imejibiwa, fundi anajua mara moja kwamba mtandao upo na kinachokataa ni kivinjari.

Dalili ya mwisho ni wakati. Tatizo limeanza lini, na kabla ya hapo kilitokea nini? Swali la “ulibadilisha nini?” watu hulijibu kwa haraka, “Sijabadilisha kitu,” kwa sababu wanalisikia kama shutuma. Ni afadhali mwandishi ajiulize mwenyewe mara ya mwisho kompyuta ilifanya kazi lini, na kati ya siku ile na leo imepitia nini. Mwalimu wetu akijiuliza hivyo atakumbuka kwamba mara ya mwisho ilikuwa Desemba kabla ya kufunga, kwamba likizo nzima kompyuta ilichomolewa kwenye soketi kwa kuogopa radi, na kwamba asubuhi ilipowashwa ilisimama kwanza kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikataka abonyeze F1. Alibonyeza, ikaendelea, akasahau. Hakuliona hilo kuwa sehemu ya tatizo la mtandao. Kwa fundi, hilo la F1 ni nusu ya jibu.

Ukitaja saa, itaje kwa namna isiyoleta utata. Kwetu saa 3 asubuhi ndiyo ile ambayo kompyuta inaandika 09:00, na kumbukumbu za ndani za Windows hufuata hesabu ya kompyuta. Mtu akiandika “ilizimika yenyewe saa 3” bila kusema asubuhi wala usiku, wala kusema amesoma saa ipi, fundi anaweza kupekua kumbukumbu za muda usiohusika kabisa. Andika “saa 3:40 asubuhi, kompyuta ikionyesha 09:40”. Na kama saa ya kompyuta inaonyesha kitu kingine, basi tofauti hiyo yenyewe ni dalili.

Sasa yale yaliyokwisha kujaribiwa. Sehemu hii huachwa kwa sababu mbili: aibu, na imani kwamba jaribio lililoshindwa halina faida. Aibu haina nafasi hapa, maana fundi hakai kuhukumu. Anataka kujua kompyuta imeguswa wapi. Na jaribio lililoshindwa ni habari kamili, mradi liandikwe pamoja na matokeo yake. “Nimejaribu kila kitu” haisemi lolote. “Nilizima ruta dakika moja nikaiwasha, hakuna kilichobadilika” inasema. “Nilitumia Edge badala ya Chrome, nayo imekataa” inasema zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba tatizo haliko ndani ya Chrome bali katika kitu ambacho vivinjari vyote viwili vinakitegemea. Mpangilio nao una maana. Kama baada ya jaribio la pili ujumbe wa kosa ulibadilika, fundi lazima ajue kwamba kosa analolisoma sasa limekuja baada ya jaribio hilo, siyo kabla.

Kuna majaribio yanayoharibu ushahidi, na mojawapo ni lile ambalo hupendekezwa haraka na kijana yeyote wa jirani: kupiga Windows upya. Katika kisa hiki mwalimu angepoteza mafaili ambayo hayakuhifadhiwa kwingine, angengoja saa kadhaa, na mwisho angerudi kwenye ukurasa ule ule wa onyo, kwa kuwa chanzo hakimo ndani ya Windows. Jingine ni kuzima kinga ya virusi ili kuona kama ndiyo inayozuia, kisha kusahau kuiwasha. Kama limeshafanyika, liandikwe waziwazi. Fundi asiyejua kwamba kinga imezimwa ataicha kompyuta ya shule wazi kwa miezi.

Kwa vipande hivi vyote, ujumbe wa mwalimu ungeweza kuwa hivi. Si mrefu, kwenye simu unasomeka kwa dakika moja:

> Fundi habari za leo. Kompyuta ya mezani ya ofisi ya taaluma (Windows 10) haifungui tovuti yoyote tangu leo asubuhi.
>
> Nikifungua google.com, mfumo wa usajili au tovuti nyingine kwa Chrome, unakuja ukurasa wenye kichwa “Your clock is behind” na msimbo NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nimejaribu tovuti nne, zote hivyo hivyo. Picha mbili nimeambatanisha.
>
> Simu yangu iko kwenye waifai hiyo hiyo na inafungua tovuti zile zile. Kompyuta ya mhasibu pia iko sawa. Kwenye hii yangu, ping 8.8.8.8 inajibiwa zote nne.
>
> Mara ya mwisho ilifanya kazi Desemba kabla ya kufunga shule. Likizo yote ilikuwa imechomolewa kwenye umeme. Leo ilipowaka mara ya kwanza ilisimama kwenye skrini nyeusi ikataka nibonyeze F1. Nilibonyeza, ikaendelea. Maandishi yake sikuyapiga picha.
>
> Nilizima ruta dakika moja na kuiwasha: hakuna mabadiliko. Nilijaribu Edge: inakataa pia. Nilizima na kuwasha kompyuta: hali ni ile ile. Kingine sijagusa.
>
> Mhasibu anadhani ni virusi, mimi sijui. Majina ya watahiniwa yanatakiwa mwisho Ijumaa. Nitakuwa ofisini kuanzia saa 8 mchana, unaweza kunipigia.

Angalia virusi vilipowekwa. Vimekuja mwishoni, vikatajwa kuwa ni dhana, tena ya mtu fulani. Kama ujumbe ungeanza na “kompyuta imeingia virusi”, fundi angeweza kupoteza asubuhi yake akiitafutia dawa, na yale mambo ya F1 na likizo yasingeandikwa kabisa, kwa sababu mtu akishaamini virusi haoni umuhimu wa kutaja soketi. Neno “haraka” nalo limeondoka, mahali pake pamekaa siku na sababu. Fundi mwenye kazi nyingi siku hiyo anaweza kuipanga hii kwa haki akijua kwamba mwisho ni Ijumaa. Hawezi kupanga kitu kwa “haraka sana” ambayo kila mteja ameiandika.

Fundi akiusoma ujumbe huu, swali linalobaki kwake ni moja. Anapiga simu: “Mwalimu, hebu nisomee tarehe iliyopo chini kulia kwenye skrini.” Mwalimu anasoma: tarehe 1 Januari 2015. Alikuwa ameikalia asubuhi nzima, na si ajabu, kwani nani anaangalia tarehe ya kompyuta wakati anatafuta mtandao?

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya kasha la kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, kuna betri ya duara kama sarafu, aina ya CR2032: volti 3, upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa ya kompyuta pale ambapo hakuna umeme kabisa. Kompyuta ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa, umeme wa ukutani ndio unaoibeba saa hiyo na betri hupumzika. Ikichomolewa, betri inabeba mzigo peke yake. Betri ya siku nyingi, ikijumlishwa na likizo ndefu au mazoea ya kuzima swichi ya ukutani kila jioni, hufika mahali ikaishiwa. Hapo kompyuta husahau tarehe pamoja na mipangilio yake ya kuwakia, ikarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na inapowashwa hulalamika kwa ile skrini nyeusi. Ujumbe wa skrini hiyo, kama mwalimu angeupiga picha, mara nyingi huwa na neno `CMOS`, na hapo fundi hata swali la tarehe asingehitaji kuliuliza.

Wenye kuijua Windows watauliza kwa nini haikujirekebisha, ilhali huuliza saa kwenye seva ya `time.windows.com`. Hufanya hivyo, lakini kwa mipangilio yake ya kawaida kwenye kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi, huduma hiyo hukataa kusahihisha tofauti inayozidi saa 15. Ukiilazimisha kwa amri ya `w32tm /resync` inaweza kukujibu kwamba badiliko linalotakiwa ni kubwa mno. Kwa saa iliyochelewa dakika kumi itasaidia. Kwa iliyochelewa miaka, mtu lazima aingize mkono.

Basi fundi anamwelekeza mwalimu kwenye simu: bonyeza tarehe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua mipangilio ya tarehe na saa, zima ile ya kujipangia yenyewe, ingiza tarehe na saa ya leo, kisha hakikisha ukanda wa saa ni ule wa Nairobi, UTC+03:00. Chrome inafungwa na kufunguliwa tena, tovuti zinafunguka, majina yanaanza kuingizwa mchana huo huo. Halafu fundi anaongeza sharti moja: swichi ya ukutani isizimwe mpaka aje na betri, vinginevyo kesho asubuhi kisa kitaanza upya. Betri yenyewe ni kitu cha bei ndogo kinachopatikana hata kwenye maduka ya saa, na safari hii atakuja nayo mfukoni.

Kabla ya kutuma picha yoyote, mwandishi aiangalie kwa jicho la mgeni. Kwenye skrini ya ofisi ya taaluma panaweza kuwa na majina ya wanafunzi na namba zao, tabo ya barua pepe, au kijikaratasi cha nenosiri kilichobandikwa pembeni mwa kioo na kikaingia kwenye picha. Kata visivyohusika. Nenosiri lisiandikwe kwenye ujumbe hata fundi akiwa ndugu. Likihitajika, mwalimu aliingize mwenyewe. Na kama ukurasa wa kosa una namba ya simu ya kupiga ili usaidiwe, usipige. Kurasa za kosa za Chrome na Edge haziweki namba za simu; ukurasa wenye namba ni mtego, na picha yake ni ya kumpelekea fundi kama dalili nyingine kabisa.

Betri ikishabadilishwa, kuna ujumbe mmoja zaidi ambao wateja wengi hawautumi. Jioni mwalimu azime kompyuta, aichomoe kwenye soketi, na asubuhi aiwashe na kutazama mambo mawili: kama skrini ya F1 imetokea, na kama tarehe ni ya leo. Tarehe ikiwa sahihi na F1 haikuja, amwandikie fundi hivyo. Saa ikiwa imechelewa saa 3 kamili, aandike hilo pia, maana hapo ukanda wa saa ndio wa kushukiwa kabla ya betri. Na tarehe ikirudi tena 2015 hali betri ni mpya, fundi ajue mapema: huenda betri haikukaa sawasawa kwenye kishikio chake, au ilikuwa imekaa dukani mpaka ikachoka, au tatizo liko kwenye ubao wenyewe, na kwa hilo la mwisho kompyuta itabidi ipelekwe mjini.